Kadi ya Mezani: Kukagua Picha za Nyaraka za Kufungulia Akaunti

Mteja akisimama mbele ya dirisha, kitambulisho unakipokea mkononi. Unakigeuza, unakipinda kidogo, unakipitisha kwenye mwanga na kumtazama mwenyewe usoni. Akituma picha kwa simu, yote hayo yanaondoka. Unabaki na macho, hesabu ndogo, na kujua ni wakati gani uache kuamua peke yako.

Mwongozo huu ni wa ofisa wa benki wa Tanzania anayepokea picha za hati tatu zinazokuja kila siku: kitambulisho cha Taifa cha NIDA, pasipoti, na barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa. Mwishoni kuna kadi fupi ya kubandika kando ya kompyuta, lakini soma kwanza maelezo, maana kadi bila sababu zake hugeuka kuwa orodha ya kutiki. Ofisa wa nchi jirani anaweza kufuata hatua hizi hizi. Kwake majina ya taasisi na muda wa kisheria ndivyo vitakavyobadilika.

Kazi yote ni maswali matatu, na yanaulizwa kwa mpangilio huu: hii ni picha ya nini? Je, hati inajipinga yenyewe? Na mfumo unasemaje?

Swali la kwanza: hii ni picha ya nini?

Usianze kwa kusoma jina. Ukishasoma jina na kuliona linafanana na la kwenye fomu, akili hutulia na macho hulegea. Anza na picha yenyewe.

Tazama kama pembe zote nne za hati zinaonekana, na kama kuna sehemu ya meza au kitambaa kuizunguka. Picha iliyokatwa hadi ukingoni inaficha kivuli cha kadi, unene wa plastiki na umbo la pembe. Kitambulisho cha NIDA kina ukubwa wa kadi ya ATM, yaani milimita 85.6 kwa 54, na pembe zake ni za mviringo. Kikipigwa kutoka juu moja kwa moja, upana wake huwa takriban mara 1.6 ya kimo. Ukurasa wa picha wa pasipoti ni milimita 125 kwa 88, kwa hiyo upana ni kama mara 1.4. Weka rula kwenye skrini na ugawanye. Kadi yenye uwiano wa 1.4, au yenye pembe kali kama za karatasi iliyokatwa kwa mkasi, huenda ni chapa ya rangi iliyolazwa mezani.

Kisha tafuta dalili za picha iliyopigwa kutoka kwenye skrini nyingine. Mtu asiye na kadi halisi ana faili tu, kwa hiyo huifungua kwenye kompyuta na kuipiga picha kwa simu. Skrini huacha alama: mawimbi hafifu ya rangi yanayopita juu ya maandishi, vitone vya mraba unapokuza, mstari ulionyooka wa mwanga pembeni, na mara nyingine kishale cha kipanya au mstari wenye saa na chaji ya betri. Dalili moja kati ya hizo ikionekana wazi, huna picha ya hati. Una picha ya picha.

Hapa jihadhari na kosa la upande wa pili. Picha iliyopita WhatsApp hubanwa, na taarifa zake zilizofichika, kama tarehe na aina ya simu, hufutwa. Kwa hiyo kukosekana kwa taarifa hizo hakumaanishi lolote, na ukungu kidogo pia haumaanishi lolote. Ila kubanwa kwa picha hakufanyi pembe za mviringo ziwe kali.

Sasa kuza hadi asilimia 300 au 400 na upite juu ya tarakimu polepole. Kamera ikitia ukungu, huutia kwa herufi zote za eneo hilo. Ukiona tarehe ya kuzaliwa ambayo tarakimu zake zina ukungu isipokuwa moja iliyo kali na safi, hiyo moja imewekwa baadaye. Angalia pia mistari myembamba ya mapambo iliyo nyuma ya maandishi. Kwenye hati halisi mistari hiyo hupita chini ya herufi bila kukatika. Mhariri wa picha akifuta tarakimu, mara nyingi hubakiza kiraka kidogo chenye rangi tulivu kuliko jirani zake. Fanya hivyo hivyo kwenye ukingo wa nywele na mabega katika picha ya uso.

Kitu ambacho picha moja haiwezi kukuonyesha ni alama zinazong'aa na kubadilika kadiri kadi inavyoinamishwa. Ndiyo maana omba daima picha mbili za upande wa mbele, moja kutoka juu na nyingine kadi ikiwa imeinamishwa, pamoja na moja ya upande wa nyuma. Mng'ao lazima uhame. Mkono wa mtu haukai palepale, na mwanga juu ya plastiki haukai palepale.

Swali la pili: je, hati inajipinga yenyewe?

Hati halali hurudia taarifa ileile mahali zaidi ya pamoja. Mghushi hubadilisha sehemu moja na kuisahau nyingine.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mtu aliyezaliwa tarehe 17 Juni 1992 namba yake huanza na 19920617. Linganisha na tarehe iliyochapwa, kisha na ile iliyoandikwa kwenye fomu. Ni kazi ya sekunde chache, na hukamata makosa ya uchapaji ya wenzako kabla hayajakuwa tatizo la mteja.

Pasipoti ina zaidi. Chini ya ukurasa wa picha kuna mistari miwili ya kusomwa na mashine, kila mmoja una alama 44. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga limetoa kielelezo cha mtu wa kubuni kutoka nchi ya kubuni, na mstari wake wa pili ni huu:

```
L898902C36UTO7408122F1204159ZE184226B<<<<<10
```

Alama 9 za mwanzo ni namba ya pasipoti, na inayofuata, 6, ni tarakimu ya uhakiki. Kisha huja nchi, halafu 740812, yaani tarehe 12 Agosti 1974, ikifuatwa na tarakimu ya uhakiki 2. Baada ya herufi ya jinsia kuna tarehe ya kuisha, 120415, na tarakimu yake 9.

Tarakimu ya uhakiki hupatikana kwa kuzidisha kila tarakimu kwa 7, 3 na 1 kwa zamu, kujumlisha, kisha kuchukua tarakimu ya mwisho ya jumla:

```
7x7 + 4x3 + 0x1 + 8x7 + 1x3 + 2x1 = 122  ->  2
```

Tuseme mghushi amegeuza 74 kuwa 79 na kuacha mengine. Jumla inakuwa 137, kwa hiyo tarakimu ingepaswa kuwa 7, lakini picha bado inaonyesha 2. Badiliko la tarakimu moja peke yake ndani ya tarehe haliwezi kujificha katika hesabu hii. Kama mfumo wenu hausomi mistari hiyo wenyewe, fanya hesabu kwa tarehe ya kuzaliwa na ya kuisha. Inatosha kwa ukaguzi wa mezani.

Jua mipaka yake. Kanuni hii haina siri, na mghushi makini anaweza kuifuata. Hesabu isipokubali, ama umesoma vibaya ama hati imeguswa. Ikikubali, umepita mlango mmoja tu.

Barua ya serikali ya mtaa haina tarakimu za uhakiki, lakini ina muhuri. Palipobandikwa picha ya pasipoti saizi, muhuri hupigwa nusu juu ya picha na nusu juu ya karatasi. Fuata duara la muhuri kwa jicho: linapovuka ukingo wa picha, mstari lazima uendelee bila kuruka. Ukiona nusu duara mbili zisizokutana, picha imebadilishwa. Kisha soma mtaa, kata na wilaya kwa pamoja. Kata ya Sinza, kwa mfano, iko Manispaa ya Ubungo, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Kinondoni. Barua ya hivi karibuni kutoka Sinza yenye kichwa cha Manispaa ya Kinondoni inahitaji swali. Inahitaji swali, si hukumu, kwa sababu kuna ofisi zinazomalizia karatasi na mihuri ya zamani. Piga simu ofisi ya mtaa kwa namba uliyoipata kwingine, usitumie ile iliyoandikwa kwenye barua yenyewe.

Swali la tatu: mfumo unasemaje?

Kuulizia namba kwenye mfumo uliounganishwa na NIDA kunakuambia kama namba ipo na ni ya nani. Hakukuambii kwamba aliyetuma picha ndiye mwenye namba. Namba ya kweli iliyoibwa italeta jina la kweli. Kwa hiyo jibu la mfumo lazima lifungwe na mtu: uso wa kwenye hati, uso wa selfi, uso wa kwenye mfumo pale mfumo wenu unapouonyesha, na mwishowe alama za vidole. Linganisha vitu visivyobadilika upesi, kama umbo la sikio, umbali kati ya macho, mstari wa taya. Nywele, ndevu na unene wa mashavu visikusumbue.

Kuna tofauti ambazo si uhalifu. Fatuma na Fatma, Saidi na Said, jina la babu lililotangulia la baba, mke anayetumia jina la mume: hizo huja kila wiki na husafishwa kwa hati ya kiapo na idhini ya msimamizi. Tarehe ya kuisha iliyopita kwenye kadi ya NIDA nayo haitoshi kumkatalia mtu, maana mwaka 2023 Serikali iliondoa ukomo wa matumizi wa vitambulisho hivyo. Na mkulima au fundi uashi ambaye vidole vyake vimesagika na kazi anaweza kukataliwa na mashine ilhali ni yeye mwenyewe. Jaribu vidole vingine kabla ya kuandika lolote.

Dalili moja haionekani ukitazama maombi moja moja: mandhari. Waombaji wanne wasiohusiana, hati zao zimelazwa juu ya kitambaa kilekile cha maua, na namba zao za simu zinatofautiana tarakimu moja ya mwisho. Inawezekana ni wakala wenu aliyepiga picha kwenye meza yake, na hilo linathibitishwa kwa kuangalia jina la wakala kwenye maombi. Kama hakuna wakala, huenda kuna mtu anayekusanya vitambulisho vya watu ili afungue akaunti za kupitishia fedha.

Njia tatu, na lini uifuate ipi

Njia ya kwanza ni kurudisha. Ukungu, mwako wa taa, pembe iliyokatwa, upande wa nyuma uliosahaulika: mwombe mteja apige upya, mara moja tu, kwa maelekezo yaleyale anayopewa kila mtu. Usimwambie kasoro uliyoiona. Ukimwandikia "tarakimu ya nne inaonekana imehaririwa", mteja mwaminifu hatajua afanye nini, na mghushi atajua pa kurekebisha.

Njia ya pili ni kusimamisha na kumpelekea msimamizi. Hii ni ya mambo yenye maelezo mawili yanayowezekana: majina yasiyolingana, kichwa cha barua cha zamani, uso usio na uhakika, tarakimu ya uhakiki isiyokubali kwenye picha isiyosomeka vizuri. Msimamizi anaweza kumwita mteja tawini aje na hati yenyewe.

Njia ya tatu ni kumpelekea afisa uzingatiaji, siku hiyohiyo. Inaanza pale unapoona dalili ya kughushi isiyo na maelezo ya kawaida: tarakimu iliyopandikizwa, uso tofauti na wa kwenye mfumo, picha ya skrini iliyorudiwa baada ya maelekezo, mandhari moja kwa waombaji wengi. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Fedha Haramu ya mwaka 2006, taarifa ya shaka hupelekwa Kitengo cha Udhibiti wa Fedha Haramu ndani ya saa 24 tangu shaka iundwe. Anayeipeleka ni afisa uzingatiaji, lakini ukikaa na shaka yako hadi kesho umekula muda wake. Sheria hiyohiyo inakataza kumdokeza mteja kwamba ametolewa taarifa. Sentensi ya kumwambia ni moja: "Ombi lako liko kwenye ukaguzi, tutakujulisha."

Mfano mmoja, hatua kwa hatua

Tuchukue mfano wa mafunzo. Ombi limeingia saa nne asubuhi: kadi ya NIDA, barua kutoka Sinza ya mwaka 2024, na selfi. Kwenye kadi, mwako wa taa umefunika tarehe ya kuzaliwa. Ofisa anarudisha kwa maelekezo ya kawaida: piga upya, mara moja kutoka juu na mara moja kadi ikiwa imeinama.

Dakika tatu baadaye picha mbili zinafika. Ya kwanza ni angavu zaidi, lakini mwako uko palepale, juu ya tarakimu zilezile, na umbo lilelile. Ya pili imeinamishwa, lakini mwako haujahama hata kidogo kwenye uso wa kadi. Maana yake, mwako umo ndani ya picha iliyotangulia. Kilichoinamishwa ni simu mbele ya skrini. Ofisa anakuza na kuona mawimbi ya rangi juu ya herufi.

Anaendelea na maswali mengine ili taarifa yake ikamilike. Tarakimu 8 za mwanzo zinalingana na tarehe ya fomu. Barua ina kichwa cha Kinondoni. Peke yake isingetosha. Mfumo unaleta jina lilelile, lakini uso wake una ndewe za sikio zilizoachana na shavu, na wa selfi zimeshikana nalo. Sasa dalili ni tatu, na mbili hazina maelezo ya kawaida.

Ofisa haombi picha nyingine. Anaandika: "Mwako uko mahali pamoja katika picha tatu, ikiwemo iliyoinamishwa. Mawimbi ya skrini yanaonekana kwenye picha ya pili na ya tatu. Umbo la sikio kwenye selfi halilingani na picha ya mfumo. Barua ya Sinza ina kichwa cha Manispaa ya Kinondoni. Simu kwa ofisi ya mtaa bado." Anaambatisha faili kama zilivyoingia, bila kuzikata wala kuzing'arisha, na kumpelekea afisa uzingatiaji kabla ya saa sita. Hajaandika "mteja ni tapeli". Ameandika alichokiona, na mwenzake anaweza kukiona pia. Mteja anaambiwa afike tawini kwa alama za vidole, utaratibu ambao ni wa kawaida kwa yeyote. Asipofika, hilo nalo linaongezwa kwenye taarifa, kwa sababu jaribio lililoshindwa pia huripotiwa.

Kadi yenyewe

*Picha*
1. Pembe nne zinaonekana, za mviringo, uwiano 1.6 kwa kadi, 1.4 kwa pasipoti.
2. Hakuna mawimbi, vitone vya skrini wala mstari wa betri.
3. Mng'ao unahama kati ya picha iliyonyooka na iliyoinamishwa.
4. Ukikuza: ukungu ni sawa kwa tarakimu zote, mapambo ya nyuma hayakatiki.

*Hati*
5. NIDA: tarakimu 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa.
6. Pasipoti: mistari miwili ya alama 44, hesabu ya 7, 3, 1 inakubali.
7. Barua: muhuri unavuka ukingo wa picha bila kuruka, mtaa, kata na wilaya vinaoana.

*Mtu*
8. Jina na namba vipo kwenye mfumo.
9. Uso wa hati, wa selfi na wa mfumo ni mmoja.
10. Mandhari na simu hazijirudii kwa waombaji wengine.

*Uamuzi*
- Haisomeki: rudisha mara moja, bila kutaja kasoro.
- Ina maelezo mawili: simamisha, mpe msimamizi.
- Dalili ya kughushi: afisa uzingatiaji leo, usimdokeze mteja.

Picha za wateja zibaki ndani ya mfumo wa benki. Usizihifadhi kwenye simu yako wala kuzituma kwenye kundi la WhatsApp la tawi kwa kuuliza "mnaionaje hii?", maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda hata mteja unayemshuku. Na kila unapobonyeza kuidhinisha au kukataa, andika sababu kwa sentensi kamili. Kumbukumbu hizi hutunzwa kwa muda usiopungua miaka 10, na atakayezifungua siku hiyo hatakuwa na wewe wa kumweleza ulimaanisha nini.